Sura ya Saba: Shilingi 117 kwa Lita

Mradi tutakaoushika katika sura hii ni kiwanda kidogo cha kukamua alizeti mkoani Singida. Takwimu zake nimezitunga ili hesabu iwe nyepesi kufuatilia, lakini umbo lake ni la kweli: mbegu zinanunuliwa kwa wakulima wakati wa mavuno, zinawekwa ghalani, zinakamuliwa kidogo kidogo, kisha mafuta yanauzwa kwa madumu na mashudu yanauzwa kwa wafugaji. Yeyote aliyepita barabara kuu ya Singida ameyaona madumu hayo yamepangwa kando ya njia.

Katika sura iliyopita tulijifunza kutafuta thamani halisi ya sasa ya mradi. Tunachukua fedha zitakazoingia kila mwaka, tunazipunguza kwa sababu shilingi ya mwaka kesho haina uzito wa shilingi ya leo, tunazijumlisha, kisha tunatoa mtaji wa mwanzo. Jibu likiwa juu ya sifuri, mradi unalipa zaidi ya kiwango cha faida alichokidai mwekezaji. Sasa tunaligeukia swali ambalo jibu hilo linalificha: je, makadirio yetu yakikosewa kidogo, jibu litabaki juu ya sifuri? Kazi ya kulijibu inaitwa uchambuzi wa unyeti.

Hesabu ya msingi

Kiwanda chetu kinahitaji shilingi milioni 270 za jengo, mtambo wa kukamua, chujio na umeme. Kitafanya kazi miaka mitano, na baada ya hapo tunachukulia kwamba mtambo hauna thamani tena. Kwa mwaka kinakamua tani 600 za mbegu. Kila tani inatoa lita 250 za mafuta na kilo 650 za mashudu. Kinachobaki ni unyevu, takataka na mashapo.

Mbegu zinanunuliwa kwa shilingi 900 kwa kilo, mafuta yanauzwa kwa shilingi 4,000 kwa lita, na mashudu kwa shilingi 400 kwa kilo. Umeme wa kukamulia, vibarua na vifungashio vinakula shilingi 120,000 kwa kila tani. Mishahara ya kudumu, ulinzi, leseni na bima ni shilingi milioni 44 kwa mwaka, kiwanda kikamue kisikamue.

Kwa mwaka mmoja, basi, mafuta yanaleta milioni 600 na mashudu milioni 156. Mbegu zinachukua milioni 540, umeme na wenzake milioni 72, na gharama zisizobadilika milioni 44. Zinabaki milioni 100. Kodi nimeiweka kando, na bei nimeziacha zile zile kwa miaka yote mitano. Kwa hiyo asilimia 16 tutakayoitumia kupunguza fedha za mbele ni faida anayoitaka mwekezaji juu ya mfumuko wa bei.

Shilingi moja inayoingia kila mwaka kwa miaka mitano, ikipunguzwa kwa asilimia 16, ina thamani ya sasa ya shilingi 3.274. Kwa hiyo milioni 100 za kila mwaka ni sawa na milioni 327.4 za leo. Toa mtaji wa milioni 270, unabaki na milioni 57.4. Hiyo ndiyo thamani halisi ya sasa ya mradi wetu, na maafisa mikopo wengi wangeridhika nayo.

Kwenye Excel, ukiwa umeandika 100 katika seli tano kuanzia B2 hadi F2, hesabu ni hii:

```
=NPV(16%,B2:F2)-270
```

Mtaji umeandikwa nje ya mabano kwa makusudi. Fomyula ya `NPV` inachukulia kwamba namba ya kwanza ndani ya mabano inaingia mwishoni mwa mwaka wa kwanza. Ukiutia mtaji humo, unaupunguza kana kwamba utalipwa mwaka kesho, na faida yote ya miaka inayofuata inasogezwa mbele mwaka mmoja. Kosa hili halitoi onyo lolote kwenye kioo. Linaonekana tu unapopiga hesabu ya mkono na kukuta majibu hayalingani.

Nafasi ya kila kadirio

Sasa tunachukua kadirio moja moja, tunayaacha mengine yalivyo, na kuuliza: hili linaweza kuharibika kwa kiasi gani kabla milioni 57.4 hazijaisha? Huna haja ya kubahatisha. Tafuta thamani ya sasa ya fedha zinazoguswa na kadirio hilo, kisha gawanya 57.4 kwa thamani hiyo.

Tuanze na bei ya mafuta. Inagusa milioni 600 kila mwaka, ambazo zikizidishwa kwa 3.274 zinakuwa milioni 1,964.4. Gawanya 57.4 kwa 1,964.4, unapata asilimia 2.9. Maana yake bei ya mafuta ikishuka kwa asilimia 2.9 tu na kubaki hapo miaka mitano, mradi wote umeliwa. Kwa lugha ya sokoni, ni kutoka shilingi 4,000 hadi 3,883. Shilingi 117 kwa lita ndizo zinazotenganisha mradi mzuri na hasara.

Ukifanya hivyo kwa makadirio mengine, unapata orodha hii:

- Bei ya mbegu inaweza kupanda kwa asilimia 3.2, kutoka shilingi 900 hadi 929 kwa kilo.
- Bei ya mashudu inaweza kushuka kwa asilimia 11.2, kutoka shilingi 400 hadi 355.
- Mbegu zinazokamuliwa zinaweza kupungua kwa asilimia 12.2, kutoka tani 600 hadi 527.
- Mtaji wa mwanzo unaweza kuzidi kwa asilimia 21.3, kutoka milioni 270 hadi 327.
- Umeme, vibarua na vifungashio vinaweza kupanda kwa asilimia 24.4.
- Gharama zisizobadilika zinaweza kupanda kwa asilimia 39.8.

Kiwango cha faida kinachodaiwa nacho kinaweza kupimwa, ila si kwa kugawanya. Unakipandisha hadi jibu lifike sifuri, na hapa kinafika karibu asilimia 24.8. Excel inaweza kukutafutia kwa amri ya `Goal Seek`.

Somo la kwanza la orodha hii ni mahali pa kutumia muda wako. Nimeona watu wakibishana siku nzima juu ya mshahara wa mlinzi na bei ya mtambo, huku bei ya mbegu imeandikwa kwa kukumbuka ilivyokuwa msimu uliopita. Mshahara wa mlinzi hauwezi kuuangusha mradi huu. Shilingi 29 kwenye kilo ya mbegu zinaweza.

Mauzo kushuka si jambo moja

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mtu anasema, "Tujaribu mauzo yakishuka kwa asilimia 10," kisha anapunguza mstari wa mapato kwa asilimia 10 na kuacha gharama zote kama zilivyo. Je, amepima nini?

Mapato yanaweza kushuka kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni bei: unauza lita zile zile kwa fedha pungufu. Mbegu umenunua zote, umeme umeutumia wote, na kila shilingi iliyopungua inatoka moja kwa moja kwenye faida. Njia ya pili ni kiasi: unakamua tani chache. Hapo mapato yanapungua, lakini hukununua mbegu za tani zile ambazo hukuzikamua, wala hukulipa vibarua wake. Unachopoteza ni tofauti tu kati ya mapato ya tani moja na gharama zinazokwenda nayo.

Katika kiwanda chetu tani moja inaleta shilingi milioni 1.26 za mafuta na mashudu, na inagharimu shilingi milioni 1.02 za mbegu na uendeshaji. Tofauti ni shilingi 240,000. Kwa tani 600 ni milioni 144 kwa mwaka, yaani milioni 471.5 kwa thamani ya sasa. Gawanya 57.4 kwa 471.5, unapata asilimia 12.2 uliyoiona kwenye orodha. Aliyepunguza mapato peke yake angepata asilimia 2.3, kwa sababu angegawanya kwa thamani ya mafuta na mashudu yote. Angedhani kiwanda hakiwezi kuvumilia hata wiki mbili za mtambo kuharibika, wakati kinaweza kukosa tani 73 kwa mwaka na bado kikarudisha mtaji wake.

Kuna na njia ya tatu, ambayo kwenye makaratasi ya mradi mara nyingi haina hata mstari wake: mbegu zile zile zinatoa mafuta machache. Kiasi cha mafuta kwa tani kinagusa mapato bila kugusa gharama, kwa hiyo nafasi yake ni ile ile ya bei, asilimia 2.9. Tulikadiria lita 250 kwa tani. Zikishuka hadi chini kidogo ya 243, faida yote imekwisha. Lita saba zinapotea kirahisi. Parafujo la mtambo likilika, mafuta yanabaki ndani ya mashudu. Utayatambua kwa kuyabana mashudu mkononi na kuona yanaacha utelezi. Mbegu zikiwa na unyevu mwingi, mtambo unazisaga bila kuzikamua vizuri.

Halafu kuna mchanga. Ukinunua mbegu kwa shilingi 900 na ndani ya kila kilo 100 mna kilo 3 za mchanga na makapi, kilo ya mbegu safi umeinunua kwa karibu shilingi 928. Kikomo chetu kilikuwa 929. Kilo tatu za uchafu, ambazo mnunuzi aliyechoka saa kumi jioni hawezi kuziona kwa macho, zimekula karibu milioni 57 zote. Ndiyo maana ninasisitiza kugeuza asilimia kuwa shilingi, lita na kilo. Ukimwambia msimamizi wa ghala kwamba unyeti wa mbegu ni asilimia 3.2, hana la kufanya nayo. Ukimwambia kwamba kilo tatu za mchanga katika kila mia zinakaribia kuua kiwanda, atatafuta chekeche.

Bei zinazotembea pamoja

Mpaka hapa tumekuwa tukibadilisha kitu kimoja na kuvishikilia vingine visisogee. Soko halifanyi hivyo. Bei ya mbegu za alizeti inafuata bei ya mafuta, kwa sababu wanaonunua mbegu ni wakamuaji, na mkamuaji halipi zaidi ya anachotegemea kupata. Bei ya mafuta nayo haiamuliwi Singida. Tanzania inaagiza mafuta mengi ya kula, hasa ya mawese kutoka Malesia na Indonesia, na alizeti yetu inashindana nayo rafuni.

Mwaka 2022 ulilionyesha hilo wazi. Vita vya Ukraine vilivyoanza Februari vilibana mafuta ya alizeti kutoka nchi mbili zinazoongoza kwa kuyauza nje, Ukraine na Urusi. Mwishoni mwa Aprili Indonesia ikazuia kuuza mawese nje, kisha ikaondoa zuio hilo mwezi Mei. Fahirisi ya bei za mafuta ya mimea inayotolewa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa ilifika kileleni Machi 2022, na kufikia katikati ya 2023 ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya nusu.

Tuseme basi bei ya mafuta imeshuka kwa asilimia 10. Kwa hesabu ya kitu kimoja, mradi unatoka faida ya milioni 57.4 hadi hasara ya milioni 139. Lakini mbegu nazo zikishuka kwa asilimia 10, tunapoteza milioni 60 za mafuta na kuokoa milioni 54 za mbegu. Pengo ni milioni 6 kwa mwaka, na thamani halisi ya sasa inabaki milioni 37.8. Bei zote mbili zikishuka kwa pamoja, zinaweza kushuka kwa asilimia 29 kabla mradi haujagusa sifuri, hata kama mashudu hayajapanda senti.

Kumbuka tulikotoka: asilimia 2.9. Sasa ni asilimia 29, mara kumi zaidi, kwa mradi ule ule. Kilichobadilika ni swali. Mkamuaji haishi kwa bei ya mafuta, anaishi kwa pengo kati ya bei ya mafuta na bei ya mbegu, na pengo hilo ndilo linalostahili kupimwa. Uchambuzi unaobadilisha bei moja tu unakutisha kwa hatari ambayo sehemu kubwa yake inajifidia yenyewe.

Mbegu zikiwa tayari ghalani

Hata hivyo, bei hizo mbili hazitembei saa moja. Alizeti inavunwa na kununuliwa katika miezi michache ya katikati ya mwaka, lakini mafuta yanauzwa mwaka mzima. Mkamuaji akishajaza ghala kwa mbegu za shilingi 900, bei ya mbegu kwake imekwisha kufungwa. Mafuta yakishuka baada ya hapo, hakuna cha kumfidia mpaka msimu ujao.

Hatari hii haionekani tukishusha bei kwa miaka yote mitano kwa kiwango kimoja. Lazima tuipime ndani ya mwaka inapotokea. Tuseme katika mwaka wa kwanza, baada ya ghala kujaa, bei ya mafuta inashuka kwa asilimia 10 kwa nusu ya mauzo ya mwaka. Lita 75,000 zinauzwa kwa pungufu ya shilingi 400, hasara ya milioni 30. Kwa thamani ya sasa ni milioni 25.9, na mradi unabaki na milioni 31.5.

Msimu wa pili ukiwa hivyo hivyo, zinaondoka milioni 22.3 nyingine, zinabaki milioni 9.2. Msimu wa tatu unaondoa milioni 19.2, na mradi unaangukia hasara ya milioni 10. Misimu hiyo hiyo mitatu mibaya ikija mwishoni badala ya mwanzoni, yaani mwaka wa tatu, wa nne na wa tano, inaondoa milioni 50 tu, na mradi unapona kwa shida. Kwa hiyo swali la bei sasa lina sura ambayo mtu wa biashara anaweza kulijibu: katika miaka mitano, ni misimu mingapi bei ya mafuta huporomoka baada ya mavuno, na tunaweza kuvumilia mingapi?

Kinachobaki kwa mwenye mradi

Uchambuzi wa unyeti hausemi jambo lina uwezekano gani wa kutokea. Unasema tu likitokea litagharimu nini. Orodha yetu ilionyesha kwamba mtaji wa mwanzo unaweza kuzidi kwa asilimia 21 na mashudu yanaweza kushuka kwa asilimia 11, lakini haikusema lipi ni la karibu zaidi. Anayejaribu kila kitu kwa asilimia 10 juu na 10 chini anajipa faraja isiyo na msingi, maana asilimia 10 ni mwendo mkubwa kwa mishahara na ni mwendo wa kawaida kabisa kwa mafuta ya kula. Kila nafasi lazima ilinganishwe na mwendo wa kitu chenyewe: bei za misimu iliyopita kutoka kwa wanunuzi wa eneo, ankara za fundi aliyejenga kiwanda cha jirani, kumbukumbu za lita kwa tani kutoka mtambo wa aina ile ile.

Lakini hesabu hii inakwenda mbali zaidi ya kuonya. Inaweza kukuambia kinga ina bei gani. Tuseme mkamuaji wetu anaamua kutojaza ghala kwa mkupuo. Ananunua mbegu za miezi miwili tu kwa kila safari, ili bei ya mbegu iendelee kuifuata bei ya mafuta. Gharama yake ni kwamba nje ya mavuno mbegu huwa ghali, na kwa wastani wa mwaka atalipa shilingi 915 badala ya 900. Shilingi 15 hizo kwa tani 600 ni milioni 9 kwa mwaka, sawa na milioni 29.5 za leo. Mradi wake unabaki na milioni 27.9.

Linganisha. Kinga inagharimu milioni 29.5. Msimu mmoja mbaya mwanzoni unagharimu milioni 25.9, na miwili milioni 48.2. Anayeamini kwamba katika miaka mitano atakutana na msimu mmoja tu wa namna hiyo, ajaze ghala. Anayetarajia miwili ya mwanzo, anunue kidogo kidogo. Na kabla ya kuchagua lolote kati ya hayo, anunue chekeche na kipimo cha unyevu, kwa sababu kilo tatu za mchanga zinamgharimu zaidi ya misimu miwili mibaya, na hizo ziko ndani ya uwezo wake kuzizuia tangu siku ya kwanza ya ununuzi.